Jinsi ya Kumweleza Mwajiri Asiyeijua Eda: Mwongozo Kamili wa Kuomba Likizo ya Miezi Minne na Siku Kumi

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu barua zinazoletwa kwangu nizisome zinaanguka mahali pamoja kila mara. Mjane wa Mombasa anafiwa na mumewe, anaandika kwamba "kwa mujibu wa mila na desturi zetu" anaomba akae nyumbani miezi minne na siku kumi kwa ajili ya maombolezo, na wiki moja baadaye anapokea jibu la upole lenye pole nyingi na siku tano tu.

Niliketi katika ofisi ya wafanyakazi kwa miaka mingi, na najua kwa nini jibu huwa hivyo. Meneja aliyetoka bara au ng'ambo husoma neno "maombolezo" akafikiri anaombwa muda wa kulia. Huzuni anaijua, naye amekwisha kuiwekea siku zake katika kanuni za kampuni. Asichokijua ni kwamba eda ni wajibu wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, ambao haupungui kwa mjane kupata nafuu ya moyo wala hauongezeki kwa yeye kuendelea kulia. Kazi yote ya barua ni kumweleza jambo hilo moja.

Mwongozo huu ni wa mwanamke Mwislamu aliyefiwa na mume na ambaye ameajiriwa. Mwenye kufiwa na mzazi, ndugu au mtoto hana eda, wala mume aliyefiwa na mke hana. Hao huomba siku za huruma za kawaida, na wakijaribu kutumia hoja zilizomo humu watajiharibia. Kwa kuwa mjane mwenyewe mara nyingi hana nguvu za kuandika katika siku za mwanzo, yeyote anayemsaidia, awe kaka, wifi au binti, anaweza kumfuatia hatua hizi, mradi sahihi ya mwisho iwe ya mjane.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

Nakala ya kibali cha mazishi. Cheti cha kifo huchukua muda kupatikana, ilhali sisi huzika siku ile ile au kesho yake. Kibali kinatosha kwa barua ya kwanza, na cheti kitafuata.

Nakala ya cheti cha ndoa. Mwajiri ana haki ya kujua kwamba aliyefariki ni mume na si ami wala shemeji. Ikiwa ndoa haikuandikishwa, mwulize imamu au kadhi namna ya kuithibitisha kabla ya kupeleka chochote.

Barua fupi ya imamu wa msikiti wenu au ya kadhi. Inatakiwa iseme mambo matatu: kwamba wewe ni mjane wa fulani, kwamba uko katika eda, na kwamba eda hiyo inaanza na kwisha tarehe gani. Aya nyingi na dua ndefu hazimsaidii meneja. Mwombe imamu kwa adabu asizidishe nusu ukurasa.

Mkataba wako wa kazi, kitabu cha kanuni za kampuni na hesabu ya siku zako za likizo zilizobaki. Kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi, kama ilivyo bandarini na katika hoteli nyingi, tafuta pia mkataba wa pamoja, kwa kuwa siku za huruma aghalabu hupatikana humo.

Jina la mtu anayeweza kuishika kazi yako, ambaye umekwisha kuzungumza naye.

## Hatua ya 1: Toa taarifa siku ile ile, bila kuomba miezi

Mauti yakitokea alfajiri, maiti huenda ikawa imekwisha kuzikwa Kikowani kabla ya alasiri. Meneja ambaye kwao hukaa na maiti wiki mbili ili kuchangisha na kusafirisha hatarajii kasi hiyo, na mfanyakazi asiyeonekana Jumatatu asubuhi huhesabiwa mtoro. Jambo hili si dogo: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo.

Kwa hiyo mtu mmoja wa nyumbani atume ujumbe wa simu kwa msimamizi wako, na mwingine kama huo kwa barua pepe, usiozidi mistari hii:

> Bwana Meneja, kwa masikitiko nakujulisha kwamba mume wangu amefariki leo asubuhi na atazikwa leo alasiri. Naomba siku za huruma kuanzia leo. Barua kamili kuhusu likizo nitakayohitaji, pamoja na hati zake, itakufikia kabla ya siku ya tano.

Usiitaje miezi minne katika ujumbe huu. Ukiitaja bila maelezo, meneja atakuwa amekwisha kuamua kabla ya barua kufika, na ni vigumu kumtoa mtu katika uamuzi alioutoa kwa mshtuko.

*Utajua hatua imefaulu* ukipata jibu la maandishi, hata likiwa ni "pole, tumepokea". Lihifadhi.

## Hatua ya 2: Tenganisha lililo wajibu na lililo desturi

Hapa ndipo barua nyingi hufa, na nitakaa kidogo.

Mwaka 2025 mumewe wifi yangu alifariki. Wifi ni karani wa ankara katika ofisi ya uwakala wa forodha huko Shimanzi, na barua yake ya kwanza iliandikwa na mpwa wake kwa nia njema. Ilitaja matanga, hitma, arobaini na eda katika sentensi moja, kana kwamba ni vyumba vya nyumba moja. Meneja, ambaye si mtu wa pwani, alifanya jambo la busara: alimwita dereva wa ofisi, Mwislamu wa Kisauni, akamwuliza watu wa huku huomboleza siku ngapi. Dereva akajibu kweli tupu, kwamba matanga ni siku tatu kisha huanuliwa. Hakuulizwa habari ya mjane, naye hakuisema. Meneja akahitimisha kwamba karani wake anamdanganya.

Basi yatenganishe wewe mwenyewe kabla hujatenganishiwa na mwingine.

*Matanga* ni desturi ya kukusanyika. Wanaume huketi kwenye mikeka nje ya nyumba au barazani, kahawa chungu hupita, wanawake huwa ndani na wafiwa. Kwa kawaida ni siku tatu, kisha watu huanua matanga na kurudi makazini. Hii ni ya jamaa na majirani wote.

*Hitma* ni kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu, na *arobaini* ni kisomo cha siku ya arubaini. Familia nyingi hufanya, nyingine hazifanyi, na masheikh wenyewe hawakubaliani juu yake. Ukimwambia meneja kwamba arobaini ni faradhi, siku moja atakutana na Mwislamu atakayemwambia sivyo, na barua yako nzima itapoteza uzito.

*Eda* ni jambo jingine kabisa. Imetajwa katika Kurani, Sura ya Pili, aya ya 234: wanaofishwa na kuacha wake, wake hao wangoje miezi minne na siku kumi. Inamhusu mjane peke yake. Hairithiwi na dada wala haigawanywi na mama mkwe, na mume akiwa na wake wawili, kila mmoja ana eda yake. Ndani ya muda huo mjane, ambaye sisi humwita kizuka, hukaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, haolewi wala haposwi waziwazi, na huacha mapambo: hina, wanja, udi, manukato, dhahabu, asumini na vikuba.

Ndani ya eda pia kuna lililo la dini na lililoongezwa na mazoea. Bibi zetu wengine walikatazwa kuzungumza kwa sauti au kuonekana hata na jirani, na familia nyingine bado hushikilia hayo. Usiyaandike katika barua kama sharti. Eda haikatazi kufanya kazi. Haikatazi kupokea simu yenye haja. Wanazuoni wengi wanaruhusu mjane atoke mchana kwa haja ya lazima, kama vile daktari, benki au mahakamani, mradi usiku umkute nyumbani kwake. Mengine yote ya mipaka hiyo mwulize sheikh wako, kwa sababu hali za watu hutofautiana.

Wengi huogopa kuyasema haya kwa kuhofia kwamba mwajiri atasema "basi njoo kazini". Mimi naona kinyume chake. Meneja wa Shimanzi alianza kulegea pale alipoona kwamba barua ya pili inataja mambo ambayo mwombaji *anaweza* kuyafanya, kwa kuwa hapo aliamini yale aliyosema hawezi.

*Utajua hatua imefaulu* ikiwa unaweza kusema kwa sentensi tatu, bila kutaja huzuni, ni nini kinachokulazimu kubaki nyumbani.

## Hatua ya 3: Pata tarehe moja ya kurudi

Miezi ya eda ni ya mwandamo, nayo huwa na siku 29 au 30. Minne na siku kumi hufika kama siku 128 hivi, na mauti yakitokea katikati ya mwezi wapo wanaohesabu siku 130 kamili. Meneja hawezi kupanga kazi kwa maneno "mwezi ukiandama". Mwombe imamu akupe tarehe ya mwisho, uihamishie kwenye kalenda ya ofisi, na uandike hiyo hiyo moja.

Kwa wifi hesabu ilikuwa hivi. Mume alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Imamu alihesabu siku 130, zikaishia Alhamisi, tarehe 12 Juni. Tukaandika kwamba atarudi kazini Ijumaa, tarehe 13 Juni. Ramadhani na Idi zote mbili zilimkuta ndani, jambo ambalo meneja alilishangaa zaidi kuliko yote, kwa kuwa alidhani sikukuu ingeisimamisha eda.

Tahadhari kwa mjamzito. Eda ya mjane mwenye mimba huisha anapojifungua, iwe ni baada ya wiki mbili au miezi saba. Usiandike siku 130. Andika tarehe ambayo kliniki imekadiria utajifungua, na useme wazi kwamba kuanzia hapo utaomba likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria ya Kenya ni miezi mitatu yenye mshahara kamili. Barua inayochanganya likizo hizi mbili hukaa mezani muda mrefu kwa sababu afisa wa mishahara hajui aanzie wapi.

## Hatua ya 4: Zigawe siku mwenyewe

Lazima tuambiane ukweli hapa: Sheria ya Ajira ya Kenya haina likizo ya msiba, sembuse ya eda. Siku za huruma hutoka katika mkataba wako, mkataba wa pamoja au hisani ya mwajiri. Kwa hiyo usiandike kana kwamba unadai haki iliyokwisha kutajwa kwa jina lake katika sheria.

Ulicho nacho kisheria ni likizo ya mwaka, isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Zinazobaki zitatokana na makubaliano: kufanyia kazi nyumbani, likizo isiyo na malipo, au mchanganyiko wa yote mawili.

Tuliketi na wifi kwenye mkeka na kuhesabu. Kuanzia tarehe 3 Februari hadi 12 Juni kulikuwa na siku 94 kati ya Jumatatu na Ijumaa, bila kutoa sikukuu za serikali. Kampuni ilikuwa na siku 5 za huruma. Yeye alikuwa na siku 21 za mwaka ambazo hakuwa amezigusa, na 6 alizobakiza mwaka uliotangulia. Jumla siku 32, ambazo zilimfikisha Jumanne, tarehe 18 Machi, yaani siku chache baada ya arobaini.

Zilibaki siku 62. Kazi ya ankara hufanywa kwa kipakatalishi, na hati za mizigo huweza kutumwa kwa barua pepe. Tukapendekeza afanye kazi nyumbani kila Jumatatu, Jumanne na Jumatano, siku 37 kwa jumla, alipwe hizo, na siku 25 zilizobaki ziwe likizo isiyo na malipo. Meneja aliyekuwa ameona ombi la miezi minne sasa aliona ombi la siku 25 bila gharama kwake.

Ikiwa kazi yako haifanyiki nyumbani, kwa mfano ya mapokezi ya hoteli, jikoni au kiwandani, basi sehemu isiyo na malipo itakuwa kubwa na lazima uikubali mapema moyoni. Kabla ya kuandika, uliza mambo mawili kwa afisa wa mishahara: mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara utalipwaje, na michango ya bima ya afya itapitia wapi katika mwezi ambao hakuna mshahara. Nimeona mjane aliyepewa likizo yote aliyoiomba, kisha wadhamini wake wa sacco wakaanza kukatwa wao.

## Hatua ya 5: Andika barua ya ukurasa mmoja

Mpangilio una maana yake. Ombi na tarehe huja kwanza, maelezo ya eda yafuate, kisha mpango wa kazi, na viambatisho mwisho. Meneja asiyejua anaombwa nini hawezi kusoma maelezo kwa makini.

> Kwa Meneja wa Ofisi,
>
> KUH: OMBI LA LIKIZO KUANZIA 3 FEBRUARI HADI 12 JUNI 2025
>
> Mume wangu alifariki tarehe 3 Februari 2025. Naomba ruhusa ya kutokuwapo ofisini hadi tarehe 12 Juni 2025, na nitarejea Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025.
>
> Sababu ya ombi hili ni eda. Eda ni muda ambao dini ya Kiislamu imemwekea mjane peke yake, na ni tofauti na matanga ya siku tatu ambayo huhusu jamaa na majirani wote. Huanza siku mume anapofariki na hudumu miezi minne na siku kumi kwa kalenda ya mwezi. Katika muda huo natakiwa kukaa katika nyumba niliyoishi na mume wangu. Eda haiwezi kuahirishwa, kugawanywa wala kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yangu.
>
> Eda hainizuii kufanya kazi nikiwa nyumbani, kujibu simu na barua pepe za ofisi, wala kutoka mchana kwa jambo la lazima lisiloweza kufanyika bila mimi.
>
> Napendekeza siku hizo zigawanywe hivi: siku 5 za huruma na siku 27 za likizo ya mwaka, hadi tarehe 18 Machi; kisha kazi ya ankara nyumbani kila Jumatatu, Jumanne na Jumatano; na siku zilizobaki, ambazo ni 25, ziwe likizo isiyo na malipo. Mwenzangu wa dawati la pili amekubali kupokea hati za mizigo zinazofika kwa mkono.
>
> Niko tayari kuzungumza nawe kwa simu kuhusu mpango huu. Nimeambatisha nakala ya kibali cha mazishi, cheti cha ndoa na barua ya imamu.

Kama ofisi yenu huandikiana kwa Kiingereza, itafsiri sentensi baada ya sentensi, lakini liache neno *eda* kama lilivyo. Ukilibadilisha kwa neno lao la maombolezo utakuwa umerudi pale pale tulipoanzia. Kuhusu jinsi mume alivyofariki, jinsi watoto wanavyolia na nani atalipa karo, hayo yazungumzwe na meneja kwa mdomo ikiwa mmezoeana, maana katika karatasi hubadilisha ombi la wajibu likawa ombi la huruma, na huruma imekwisha kuwekewa siku tano.

## Hatua ya 6: Ipeleke kwa njia inayoacha alama

Tuma kwa barua pepe, kisha mtu wa nyumbani apeleke karatasi yenyewe akiwa na nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kutiwa tarehe. Mpelekaji awe mtu mtulivu, asiyekwenda kujadili. Shemeji mwenye hasira ya msiba hafai kazi hii. Akiulizwa neno, ajibu kwamba mwenyewe atapiga simu.

*Utajua hatua imefaulu* ukiwa na nakala yenye muhuri kabla siku za huruma hazijaisha.

## Hatua ya 7: Jitayarishe kwa maswali manne

Meneja ataita. Maswali hayatofautiani sana, na mengi huulizwa kwa kutojua, si kwa dharau.

"Kwa nini usiichukue Desemba, kazi zikipungua?" Eda huhesabiwa tangu mauti. Hata mjane aliyepata habari baada ya mwezi mmoja huhesabu tangu siku mume alipofariki, kwa hiyo hakuna siku za kuweka akiba.

"Fulani alifiwa na mume na baada ya wiki mbili alikuwa kazini. Kwa nini wewe huwezi?" Usimseme mwenzako. Jibu kwamba wapo wanaolazimika kutoka mchana kwa sababu hawana njia nyingine ya kujilisha, na dini imewafikiria. Wewe unaomba kwanza njia ya kutimiza eda kikamilifu, na ndiyo maana umeleta mpango wa kazi.

"Nitajuaje kwamba hii si likizo ndefu tu?" Mwelekeze kwa barua ya imamu, na umkaribishe ampigie au aulize katika ofisi ya kadhi. Usikasirike. Swali hili likijibiwa vizuri ndilo linalofunga mjadala.

"Nikikupa wewe, kila aliyefiwa atataka." Hapa ndipo kutenganisha kwa hatua ya pili kunapolipa. Eda ni ya mjane tu, kwa mume tu. Jamaa wengine wa Kiislamu hawatakiwi na dini kuomboleza zaidi ya siku tatu. Meneja wa Shimanzi alinyamaza kidogo aliposikia hilo, kisha akauliza kama angeweza kumpigia wifi simu siku za Jumatatu asubuhi. Tangu hapo walikuwa wakipanga kazi tu.

Makubaliano yote yaandikwe. Baada ya simu, tuma ujumbe wa mistari mitatu ukirudia mlichokubaliana na umwombe athibitishe.

## Hatua ya 8: Akikataa

Usiache kwenda kazini kimya kimya ukitegemea kwamba Mungu anajua. Anajua, lakini kifungu cha 44 bado kipo.

Kwanza omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kisha punguza ombi: pengine meneja atakubali hadi arobaini kwa likizo ya mwaka, na baada ya hapo nusu siku. Wakati huo huo mweleze sheikh au kadhi hali yako ilivyo, pamoja na kwamba mshahara ndio chakula cha watoto, naye akuambie kama una ruhusa ya kutoka mchana. Ukiruhusiwa, omba mwajiri vitu viwili tu: zamu inayokurudisha nyumbani kabla ya usiku, na ruhusa ya kutopaka wala kuvaa mapambo. Mfanyakazi wa mapokezi aliyezoea kutakiwa apake rangi ya midomo anaweza kuomba kuhamishiwa ofisi ya nyuma hadi eda iishe. Wajane wengi ninaowajua walimaliza eda zao hivi, na hakuna aibu ndani yake.

Ukiona umekataliwa kwa kejeli ya dini, au unatishiwa kufukuzwa, hapo ndipo pa kutaja sheria. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi wa kidini kazini. Pia kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze tuhuma na kukusikiliza, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama, kabla ya kukuachisha kwa kosa. Nenda kwa chama chako au ofisi ya kazi ukiwa na nakala yenye muhuri, majibu yote na ujumbe ule wa siku ya kwanza. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Mombasa, lakini ni njia ndefu, na wengi huishia kwa afisa wa kazi.

## Hatua ya 9: Rudi siku uliyosema

Wiki moja kabla ya kurudi, tuma ujumbe wa kuthibitisha tarehe na uambatishe cheti cha kifo ikiwa kimetoka, maana afisa wa wafanyakazi atakihitaji ili kubadilisha jina la mrithi na la mke au mume katika faili yako. Usiongeze siku ya kutoka eda yenyewe juu ya ulizoziomba. Wanawake wakitaka kuja kukuogesha, kukuvika nguo mpya na kukufukizia udi, waje jioni ya siku ya mwisho.

Wifi alitoka Alhamisi, tarehe 12 Juni, baada ya magharibi. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa Shimanzi, na dereva wa Kisauni alikuwa wa kwanza kumpa mkono wa pole.